Lebo Mbili kwenye Sanduku la Mposaji

Baba yangu alikuwa msomaji wa marobota. Darasani hakukaa hata siku moja, lakini ukimwekea robota la katani mbele yake alikuambia limetoka shamba gani na nyuzi zake ni za daraja gani kabla hujamaliza kumwamkia. Alikuwa mnyapara wa wafunga marobota katika shamba moja la mkonge nje kidogo ya Korogwe. Kila robota lililotoka kwenye mashine yake lilipigwa chapa kwa bati lililotobolewa na wino mweusi: herufi kubwa ni za shamba, herufi ndogo ni za daraja. Herufi alizijua moja moja. Kuziunganisha ziwe maneno aliwaachia makarani, ambao kwa maoni yake hawakuwa na kazi nyingine.

Mimi mwanawe nilifika darasa la nne. Mwalimu wangu alisema mwandiko wangu ni mzuri, tatizo ni kwamba wenzangu wakimaliza mtihani mimi huwa namalizia jina langu. Kusema mbele za watu ndiko kulinishinda kabisa. Mgeni akiingia nyumbani nilitoka kwa mlango wa uani, nikarudi akishaondoka. Baba alikuwa akiwaambia rafiki zake, "Huyu mwanangu hana ubaya wowote. Hata uzuri wake hatujausikia."

Kazi niliyoipata ilikuwa kama imeshonwa kwa kipimo changu. Karibu na stesheni ya Korogwe palikuwa na duka la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, ambaye sote tulimwita Tajiri. Aliuza misumari, mafuta ya taa na vitambaa, na kwenye kona ya duka alikuwa na meza, mizani na tangazo lenye picha ya ndege. Alikuwa wakala wa safari za ndege. Wazungu wa mashamba, na mara chache sana mtu mwingine, walikata tiketi kwake. Mizigo yao mikubwa tuliipima na kuifunga lebo pale pale dukani, kisha ikatangulia kwa gari kwenda kiwanja cha Tanga. Tajiri alihitaji mtu wa kuandika lebo. Juu ya kila lebo huandikwa herufi tatu za mahali mzigo unakokwenda. Herufi tatu! Aliponijaribu nilichukua muda wa kuchemsha chai, lakini zikatoka safi kama za kitabu.

"Wewe utafaa," alisema Tajiri. "Wa kwanza alikuwa anaandika haraka. Sanduku la mama mmoja wa Kizungu lilikwenda Khartoum, yeye akafika Nairobi na viatu alivyovaa."

Lebo ilikuwa na vipande viwili vyenye namba moja. Kikubwa kilifungwa kwenye mpini wa sanduku, kidogo alipewa msafiri. Huko anakofika, mwenye kipande kidogo ndiye anayedai mzigo, na bila kipande ataulizwa maswali mpaka ajute kusafiri. Herufi zenyewe zilikuwa kwenye kitabu chembamba alichopewa Tajiri na watu wa ndege. Nilikisoma kila siku, kwa kuwa ndicho kitabu pekee nilichowahi kukuta ambacho hakikunitaka nifanye haraka. DAR ilikuwa Dar es Salaam, na hiyo hata mbuzi angeielewa. Nyingine zilikuwa na ukaidi wao. Nairobi ilikuwa NBO, imeruka herufi kama mtu anayeruka madimbwi. Chicago ya Amerika iliandikwa ORD, na ndani yake hakuna Chicago hata kidogo. Tajiri alisema kiwanja chenyewe zamani kiliitwa Orchard, kikabadilishwa jina, herufi zikabaki.

Watu wa Korogwe walizipenda lebo kuliko safari yenyewe. Kwa kanuni tulitakiwa kukata lebo kuukuu kabla ya kufunga mpya, wapakiaji wasije wakachanganyikiwa. Lakini hapakuwa na mwenye sanduku aliyekubali. Lebo kuukuu ilikuwa cheo. Mwalimu mmoja wa mjini aliniomba lebo ya NBO, akaifunga kwenye mkoba wake na kupanda nao treni kwenda Mombo kumsalimia shangazi yake. Alirudi nayo, na kwa muda wa mwezi mzima aliongea kwa pua.

Sasa nije kwa dada yangu.

Kijana mmoja wa Kwamsisi, upande wa Handeni, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu wa kilimo huko Kanada. Siku ya kuondoka alipitia dukani kwetu, na lebo yake niliiandika mimi. Nilitafuta Montreal kitabuni mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Kitabu kilisema YUL. Nikaandika YUL, polepole, na L yangu yenye mguu mrefu. Dada yangu alikuwa ameniletea chakula mchana ule. Alisimama pale akiwa ameshika bakuli muda mrefu kuliko bakuli linavyohitaji kushikwa.

Kwa miaka miwili barua kutoka Kanada zilikuja kwa sanduku la posta la Tajiri, zenye stempu ya kichwa cha Malkia, nami nikazipeleka nyumbani ndani ya shati. Baba hakujua. Binti wa mnyapara kuandikiana na mwanamume ambaye hajaleta posa lilikuwa jambo ambalo mashine ya kufungia marobota ingeweza kutumiwa kuliadhibu.

Kijana aliporudi alileta posa kama inavyotakiwa. Alikuja Jumapili na mshenga wake, mzee mmoja wa Kang'ata mwenye ndevu za heshima, na sanduku la ngozi lililojaa kanga za mama, blanketi la baba na saa ya ukutani. Sanduku zima lilikuwa zawadi. Lilibeba lebo mbili zikining'inia kwenye mpini: ile yangu ya kwendea, na nyingine ya kurudia. Nina hakika kijana alifikiri lebo zile zitamsaidia. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka kwa mlango wa uani.

Baba aliwapa wageni majibu ya kawaida, kwamba watakuja kuambiwa baada ya wiki moja. Walipoondoka akavuta kigoda, akakaa mbele ya sanduku, akavaa miwani. Hakulifungua. Alisoma chapa.

"Mwite mjomba wako," aliniambia.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amewahi kuwa mkalimani wa mahakama. Alistaafu mahakamani lakini ukalimani haukumstaafu. Alikuja na fimbo yake, akaishika lebo ya kurudia kwa ncha za vidole.

"Soma," alisema baba.

"T, G, T," alisema mjomba. "Hii ni Tanga, shemeji. Hili naweza kuapa."

"Na mimi nilidhani hivyo. Mzigo wenye chapa ya Tanga umetoka wapi?"

"Tanga."

"Tanga!" Baba alijipiga paja. "Miaka ishirini na sita napiga chapa marobota. Robota la kwetu lina chapa ya kwetu, la jirani lina ya jirani. Sijaona robota linalodanganya lilikotoka. Huyu kijana alikuwa Tanga miaka miwili, anakula samaki, anatuambia theluji!"

"Kuna herufi ndogo juu," alisema mjomba. "LON. Halafu NBO."

"Hizo ni daraja."

"Daraja?"

"Herufi ndogo ni daraja, bwana. Kila mahali."

Mjomba hakutaka kuonekana hajui madaraja. Akakubali kwa kichwa. Wakaingia kwenye lebo ya pili, ile yangu, nami nikiwa nyuma ya mlango wa uani nikitega sikio.

"YUL," alisoma mjomba. "Montreal haina Y. Kanada haina Y. Nimekalimani miaka mingi, sijaikuta Y katika shauri lolote la maana."

"Kwenye katani tuna UG," alisema baba taratibu. "Nyuzi zilizokataliwa daraja. Hii UL naona ni ndugu yake." Akazifungua lebo zote mbili kwenye mpini, akaziweka katika mfuko wa koti kama ushahidi. "Jumapili ijayo wanarudishiwa sanduku lao. Na saa yao."

Ile saa mama alikuwa amekwisha kuitundika. Akaitundua bila kusema neno, lakini alivyoshusha mikono nilijua hilo neno lipo na litakuja kusemwa.

Dada alinikuta kwenye migomba nyuma ya nyumba.

"Umesikia?"

Nikatikisa kichwa kuonyesha nimesikia.

"Barua ninazo thelathini na kitu. Zina stempu ya Kanada kila moja. Nikimwonyesha hata moja, ndoa haipo na mimi sipo." Alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Lebo umeandika wewe. Wewe ndiye unayejua. Kamwambie baba."

"Nitamwandikia," nilisema.

"Jumapili ni baada ya siku saba, kaka. Utakuwa umefika 'Baba mpendwa'."

Alinijua vizuri. Jumatatu niliandika "Baba yangu mpendwa, salaam sana". Jumanne nikagundua kwamba baba hasomi maneno, na barua ile angepewa mjomba aisome. Nikaichana. Jumatano na Alhamisi nilifanya mazoezi ya kusema, nikisimama mbele ya magunia ya sukari ya Tajiri. Magunia yaliniamini. Ijumaa jioni nilimkuta baba uani, nikasimama mbele yake, nikafungua mdomo, nikamwuliza kama mvua itanyesha. Akatazama mbingu, akasema haitanyesha. Dada aliyekuwa akipepeta mchele karibu yetu aliacha kupepeta.

Jumamosi asubuhi lori la shamba likasimama mbele ya duka. Lilikuwa likipeleka marobota stesheni, na juu ya marobota palikuwa na masanduku matatu ya meneja. Meneja alikuwa anakwenda kwao likizo. Baba alikuwa ameagizwa ayalete masanduku mwenyewe, maana meneja hakuamini mtu mwingine kwa vitu vyake vya kuvunjika. Aliyashusha moja moja na kuyaweka kwenye mizani, akishusha pumzi kwa sauti ili Tajiri ajue ni kazi.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba. Fanya kazi yako, dereva ananisubiri."

Nikachukua lebo, nikachovya kalamu. Nikaandika L. Nikaandika O. Baba alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Hakuwahi kuniona nikifanya kazi, na nilipomaliza N alikuwa amekwisha kubadilisha mguu wa kusimamia mara mbili.

"Unaandika nini hapo?"

"LON, baba."

"Hiyo ni nini?"

"London."

"Umekosea."

"Hapana, baba."

"Nasema umekosea. Sanduku hili halikutoka London. Limetoka nyumbani kwa meneja, chini ya kitanda chake, nimelivuta kwa mikono hii. Andika shamba letu."

Nilikuwa na sentensi tayari, ile niliyoifanyia mazoezi mbele ya magunia, lakini haikutoka. Ikatoka nyingine fupi.

"Haliandikwi lilikotoka. Linaandikwa linakokwenda."

Tajiri, aliyekuwa akipima misumari, akaangua kicheko. "Mzee! Tukiandika lilikotoka, ndege italipeleka wapi? Italizungusha juu ya Korogwe halafu ilirudishe chini ya kitanda!"

Dereva, aliyekuwa ameingia kununua sigara, naye akacheka. Baba hakucheka. Alitazama lebo ya LON, akatazama masanduku, akatazama nje kwenye marobota yake yenye chapa ya shamba yanayokwenda Tanga. Robota halina haja ya kuambiwa linakokwenda, maana kila robota linakwenda bandarini, na huko mbele ni shauri la watu wengine. Nafikiri katika miaka ishirini na sita hilo hakuwahi kulifikiria, na hapakuwa na sababu ya kulifikiria.

Akatia mkono katika mfuko wa koti. Akatoa lebo mbili, akaziweka juu ya meza yangu, akazinyoosha kwa kiganja.

"Hii TGT."

"Tanga, baba. Mzigo ulikuwa unakuja Tanga."

"Kutoka?"

"Herufi ndogo za juu ni njia aliyopita. Ulipakiwa mbali, ukashushwa London, ukapakiwa tena. Ukashushwa Nairobi, ukapakiwa tena. Ndio ukafika Tanga." Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Dereva alisahau kuwasha sigara.

"Siyo daraja."

"Siyo daraja, baba."

"Na kama ni Tanga, kwa nini siyo TNG?"

Tajiri alifungua kitabu, akapitisha kidole. "TNG wamekwisha kuichukua watu wa Tangier, Moroko. Hapa ni nani anafika kwanza, mzee. Mbili haziwezi kufanana, sanduku lako litakwenda kwa Waarabu wa kule."

Baba alionekana kuumia kidogo kwa niaba ya Tanga. Kisha akasukuma ile lebo nyingine mbele, polepole.

"Na YUL?"

"Montreal," alisema Tajiri. "Kanada yote ni Y, Y, Y, kama wanapiga mayowe. Bwana wa ndege kule Tanga aliniambia: hizo mbili za nyuma ni alama ya redio ya mahali pale, ndege inaisikia ikiwa angani. Y wanaweka mbele kwa viwanja vya Kanada. Jina la mji halikuulizwa." Akamgeuzia kitabu. Baba alifuata mstari kwa ukucha wake wenye wino mweusi: huku neno refu, huku herufi tatu. Y. U. L. Alizisoma kitabuni, akazisoma kwenye lebo, akarudi kitabuni. Ndivyo alivyokagua marobota pia, kwenda na kurudi.

Halafu akainama karibu zaidi na lebo. Akachukua ile ya meneja ambayo wino wake haujakauka, akaziweka pamoja.

"L hii," alisema, "na L hii. Miguu yao mirefu."

Nikatazama mizani.

"Ni mkono mmoja. Hii uliandika wewe."

"Ndiyo, baba."

"Siku aliyoondoka."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo tangu Jumapili ulikuwa unajua kwamba mimi na mjomba wako tunasema upuuzi."

"Hamkuniuliza," nilisema.

Tajiri aliinama kutafuta msumari ambao haukuanguka. Baba akazikunja lebo mbili na kuzirudisha mfukoni, akaenda mlangoni. Pale aligeuka.

"Mjomba wako asijue kwamba nimeelezwa," alisema. "Nimegundua mwenyewe."

Jumapili mshenga wa Kang'ata alikuja na uso wa mtu aliyekwisha kusikia habari mbaya njiani. Mjomba alikuwepo na fimbo yake, tayari kwa shauri. Baba alimwacha mshenga akae, akamwacha anywe chai, kisha akazitoa lebo na kuanza kumfundisha mjomba, mbele za watu, tofauti kati ya chapa na lebo. Aliieleza vizuri kuliko Tajiri. Alipofika kwenye alama ya redio alinyoosha mkono juu kuonyesha ndege. "Jina la mji halikuulizwa!" alisema, na mjomba akasema hata yeye alikuwa ameanza kushuku hivyo. Mama hakungoja mwisho wa maelezo. Alikuwa amesimama juu ya kigoda akiitundika saa.

Dada aliolewa baada ya mavuno. Siku ya kumpeleka Kwamsisi, vitu vyake vilikuwa kwenye sanduku moja la bati, na gari lilikuwa linangoja barabarani. Baba aliniita.

"Una lebo?"

Nilikuwa nayo moja, iliyochafuka kidogo pembeni, Tajiri alinipa nicheze nayo.

"Mfungie dada yako."

"Kwamsisi haina kiwanja, baba. Haimo kitabuni. Haina herufi."

"Basi andika jina lote."

Niliandika KWAMSISI. Dereva alipiga honi mara tatu. Watu wa bwana harusi walianza kunong'ona, mmoja akasema, "Kumbe ndiye karani?" Dada alinisimamia, machozi na kicheko vikigombea uso wake, akasema, "Mwacheni. Akiandika haraka nitashushwa Khartoum."

Nikafunga lebo kwenye mpini. Nikakata kipande kidogo chenye namba, nikampa shemeji yangu, kama tunavyompa msafiri. Baba alikichukua kabla hakijafika mkononi mwake.

"Mzee," alisema shemeji kwa adabu, "nadhani kipande hicho ni cha mwenye mzigo."

"Ndiyo," alisema baba. "Najua. Nimeelezwa."

Akakitia ndani ya kofia yake, akaivaa, akaenda kuwaambia wapakiaji wasililaze sanduku kichwa chini.